Akikuita "mwanangu" ukamjibu "kaka", umemwambia nini?

Hivi umewahi kuitwa "mwanangu" na mtu mnayelingana naye umri, halafu ukajikuta umejibu "poa, kaka"? Hukupanga. Mdomo wenyewe umechagua. Lakini mwenzako amesikia, na pengine amekwazika kidogo bila kujua kwa nini. Amekupa neno moja, wewe umemrudishia lingine, na katikati ya maneno hayo mawili kuna ujumbe mzima kuhusu ukaribu wenu.

Makala hii inahusu ujumbe huo. Nilijifunza kuusikiliza vizuri nikiwa Mkwaja, kijiji cha pwani katika wilaya ya Pangani mkoani Tanga. Ukitoka Pangani mjini unavuka mto mpaka Bweni, unashika njia ya kusini, unaipita Mwera na Kipumbwi, halafu unafika. Nilikwenda kule kwa ajili ya utafiti wangu wa isimujamii, yaani taaluma inayoangalia lugha pamoja na watu wanaoisema. Asubuhi nyingi nilikuwa dikoni, pale vyombo vinaposhusha samaki, nina daftari mkononi. Ndiyo maana wengi waliniita "ticha", na jina hilo lina sehemu yake humu.

Twende dikoni basi.

Mazungumzo ya dakika mbili

Asubuhi moja alifika mchuuzi kijana na pikipiki, nyuma amefunga boksi la barafu. Mashua ilikuwa imeshashusha, na mvuvi mmoja kijana amekaa mchangani anachambua tasi na changu. Kwa kuwatazama tu, ungesema wamezaliwa mwaka mmoja. Mazungumzo yalikwenda hivi:

"Oya mwanangu, vipi?"

"Salama, kaka."

"Mwanangu, nitoe leo. Nipe mali kauli, kesho asubuhi nakuletea hela yako."

"Kaka, ongea na nahodha."

Kama hulijui neno hilo, mali kauli ni kuchukua bidhaa kwa maneno matupu na kulipa baadaye. Biashara nyingi za pwani hutembea hivyo. Dhamana yake ni uhusiano tu, na asiyelipa ana njia ya kurudi kwao huku mvuvi amebaki na deni lisilo na karatasi.

Mchuuzi akamgeukia nahodha, mtu mzima mwenye mvi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na hela?"

Kabla mchuuzi hajajibu, kijana mwingine wa chombo kile kile akapita na kamba begani. Yule mvuvi mchambua samaki akapaza sauti: "Mwanangu! Usisahau dumu!" Mwenzake akajibu bila hata kugeuka: "Nimekusoma, mwanangu."

Basi. Ndani ya dakika mbili neno "mwanangu" limetumika na watu wanne, na limefanya kazi tatu tofauti. Kwa mchuuzi lilikuwa ombi la kuingizwa ndani. Kwa nahodha lilikuwa neno la mkubwa kwa mdogo. Kwa wale wavuvi wawili lilikuwa neno la watu ambao wameshakuwa ndani tangu zamani. Maana ya kamusi haitusaidii kuvitenganisha vitu hivi, kwa sababu kamusi itasema tu kwamba ni mwana wa kwangu. Tunahitaji kipimo kingine.

Kipimo: je, neno linarudi?

Mwaka 1960 Roger Brown na Albert Gilman walichapisha makala kuhusu viwakilishi vya lugha za Ulaya. Kifaransa, kwa mfano, kina namna mbili za kusema "wewe": "tu" na "vous". Wao waliona kwamba swali la kuuliza si nani ameitwa nini peke yake, bali je, aliyeitwa anaweza kurudisha neno lile lile? Mkiitana "tu" wote wawili, huo ni ukaribu. Mkiitana "vous" wote wawili, mna heshima na umbali. Lakini mmoja akisema "tu" na mwenzake akalazimika kujibu "vous", hapo kuna aliye juu na aliye chini.

Kiswahili hakina wewe mbili. Tunaye "wewe" mmoja, naye ni mkali: mwambie mtu asiyekujua "we, hebu njoo" uone atakavyokutazama. Kwa hiyo mzigo ambao Mfaransa anaubebesha kiwakilishi, sisi tunaubebesha salamu na majina ya ukoo: kaka, dada, mama, mjomba, shemeji, mzee, mwanangu. Hata mtu ambaye hatuna udugu naye wowote, tunamtafutia mahali pa kumweka kwenye familia kabla hatujamwomba kitu.

Sasa peleka kipimo cha kurudi kwenye salamu. "Shikamoo" hairudi. Ukiamkiwa shikamoo unaitikia marahaba, na ukijaribu kuijibu kwa shikamoo watu watacheka. Salamu hiyo imejengwa ili ionyeshe nani mkubwa. "Mambo" inarudi: unasema poa, halafu unauliza wewe pia, vipi. "Asalamu aleikum", ambayo Mkwaja utaisikia kutwa, nayo inarudi. Maneno ni yale yale, mpangilio tu unageuzwa: waaleikumu salamu. Ndiyo maana mgeni na mwenyeji, kijana na mzee, wanaweza kuitumia bila kupimana kimo, ingawa adabu inamtaka mdogo amwanze mkubwa na anayepita amwanze aliyekaa.

Rudi kwa watu wetu wa dikoni. Nahodha amesema "mwanangu", na mchuuzi hawezi kumrudishia "mwanangu". Akithubutu, ni matusi. Kwa hiyo hilo ni neno la ngazi. Wavuvi wawili wameitana "mwanangu" kwenda na kurudi, kwa hiyo hilo ni neno la ukaribu. Na mchuuzi je? Alilitoa neno ambalo lingeweza kurudi, maana ni wa rika moja. Mvuvi akaamua lisirudi. Alijibu "kaka".

Kwa nini "kaka" iko mbali kuliko "mwanangu"?

Hapa ndipo jambo linaponoga. Ukifikiria juu juu, "kaka" ingepaswa kuwa ndiyo ya karibu: ndugu wa tumbo moja, watu sawa. "Mwanangu" ingepaswa kuwa na kimo, maana baina ya mzazi na mtoto kuna mkubwa na mdogo. Mbona mtaani imekuwa kinyume?

Maelezo yangu ni haya. Vijana wawili wakiitana "mwanangu" kwa wakati mmoja, nani mzazi na nani mtoto? Haiwezekani wote wawe wazazi wa mwenzake. Ngazi ya kupanda na ngazi ya kushuka zinakatana, zinafutana. Kinachobaki ni kile kingine kilichokuwa ndani ya neno, yaani huruma ya nyumbani, ile hali ya kwamba shida yako ni yangu. Ndivyo ilivyo pia kwa vijana wanaoitana "mzee". Wazee wawili wa miaka ishirini! Uzee unafutika, urafiki unabaki.

Lakini angalia sharti lake: kufutana kunahitaji watu wawili. Mmoja akilitoa neno na mwenzake asirudishe, ngazi haijafutika. Linabaki likining'inia. Ndiyo maana maneno haya yana thamani. Kila yanaporudi, watu wawili wamekubaliana upya kwamba baina yao hakuna mkubwa.

"Kaka" haina kitu cha kufuta. Imekuja tambarare tayari, na haimgharimu mtu yeyote. Unamwita kaka konda, mlinzi wa getini, mteja, askari, na mtu aliyekukanyaga kwenye daladala. Kwa sababu inamfaa kila mtu, haimtengi mtu yeyote. Ni neno la adabu kwa mtu usiyemfahamu, na ukilitumia kwa mtu anayetaka mfahamiane zaidi, umemwambia kwa upole: tubaki hapa hapa.

"Bro" je? Kwa Kiingereza huenda pembeni, baina ya watu sawa. Ilipoingia kwetu imeinama kidogo kwenda juu. Mara nyingi "bro" ni kaka mkubwa, au mtu ambaye mfuko wake unaonekana umesimama: "Bro, niwezeshe nauli." Wewe mwenyewe chunguza, ukiombwa kwa "bro" huwa unajibu "bro", au unajibu "dogo"? Ukijibu "dogo", basi lilikuwa neno la ngazi.

Wanawake wa pwani wana lao, nalo ni "shoga". Mkwaja, mwanamke akimwita mwenzake "shoga yangu" huo ni usuhuba wa siri na mkopo wa sukari. Linarudi kila mara, na mjini limezaa "shosti". Lakini linarudi baina ya wanawake tu. Mwanamume akiitwa hivyo na mwanamume, neno lile lile ni tusi zito. Kwa hiyo pamoja na kuuliza kama neno linarudi, uliza linarudi baina ya nani na nani.

Wenzetu wa mbali nao

Mwaka 2004 mwanaisimu Scott Kiesling alichapisha utafiti kuhusu neno "dyudi" la vijana wa Marekani, akitumia mifano iliyokusanywa kwa msaada wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Aliona vijana wa kiume wanaoitana hivyo wanataka vitu viwili vinavyovutana: wawe karibu, lakini wasionekane wameshikamana sana. Dyudi inawapa ukaribu usio na jasho. Ulinganishe na "mshikaji" wetu, ambaye ndani yake mna kushika, au "mwanangu", ambaye ndani yake mna uzazi. Maneno yetu hayaogopi kushikamana. Na hiyo ndiyo sababu mtu anaweza kuyatumia kama msingi wa kuomba mali kauli. Sioni mchuuzi akikopeshwa tenga la samaki kwa nguvu ya dyudi.

Waingereza na Waaustralia wana "meti", yaani mwenza (usichanganye na mate ya mdomoni). Mwaka 2005 walinzi wa jengo la Bunge la Australia, Canberra, waliagizwa wasiwaite wabunge na wageni "meti". Zikapigwa kelele nchi nzima, na agizo likaondolewa upesi. Kipimo chetu kinaeleza ugomvi wote ule. Meti ni neno linalopaswa kurudi. Aliyewakataza walinzi wasilitamke alikuwa anasema kwamba baina ya mlinzi na mbunge halitakiwi kurudi, na kwa watu wanaojivunia usawa wao, hilo lilionekana ni kuwajengea ngazi.

Sisi Tanzania tulilifanya jambo hilo kwa upande wa pili. Enzi za TANU na Ujamaa, hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, "ndugu" ilitumika kwa kila mtu, kiongozi na mkulima, ili neno liwe linarudi siku zote. Leo bungeni wanaitana "mheshimiwa", na "ndugu" imebaki kwenye barua, mikutanoni na kwenye chama. Mtu wa rika lako akikuita "ndugu yangu" kwa sauti ya kukata, ujue kuna ugomvi unanukia. Neno lililopewa kila mtu kwa amri lilipata usawa, lakini ukaribu halikuupata. Ni kama kaka: tambarare.

Jinsi ya kupima bila kudanganyika

Utaniuliza: nimejuaje kwamba yule mvuvi alikataa? Huenda yeye ni mtu wa "kaka" tu, anamwita hivyo kila mwanamume. Swali zuri, na jibu liko kwenye ile sauti ya dumu. Sekunde chache baadaye alimwita mwenzake "mwanangu". Maana yake neno analo, analitumia, na asubuhi ile alikuwa nalo mdomoni. Hakumpa mchuuzi kwa sababu hakutaka kumpa. Bila mfano ule wa pili nisingekuwa na haki ya kusema lolote. Hilo ndilo kosa la kwanza la wanaoanza kazi hii: wanachukua neno moja la mtu mmoja na kulitungia maana. Mlinganishe mtu na yeye mwenyewe, akiongea na watu tofauti, kabla hujamlinganisha na wengine.

Kosa la pili ni kusahau mahali. Mjini siku hizi "baharia" ni jina la mwanaume mwenye msimamo wake, na kabla yake tulikuwa na "msela", ambalo watafiti hulirudisha kwenye neno la Kiingereza la hao hao mabaharia. Mimi nilimwita mzee mmoja wa Mkwaja "baharia" nikidhani nimempamba. Akanijibu kwa utulivu kabisa: "Ndiyo, tangu nina miaka kumi na mbili." Pale hilo si jina la mtaani. Ni kazi ya mtu.

Kosa la tatu ni kujisahau mwenyewe. Wiki ya kwanza nilimwamkia mvuvi wa rika langu kwa "mwanangu, inakuwaje?" Alinitazama, akatazama daftari, akasema: "Salama, ticha." Nilijisikia vibaya, lakini alikuwa sahihi. Nilikuwa namwomba ukaribu ambao nitauandika na kuondoka nao. Aliponiita ticha alinirudisha mahali nilipokuwa kweli. Wengine hujibu wazi zaidi, kwa kulichukua neno kwa maana yake ya kamusi: "Mimi mwanao tangu lini?" Ukisikia jibu hilo, ombi lako limekataliwa na mlango umefungwa kwa komeo.

Na kipimo chenyewe kina mpaka wake. Kinakuonyesha kama watu wamekubaliana, hakikuonyeshi kama wanapendana. Watu wawili wanaweza kurudishiana "mwanangu" mwaka mzima, na siku ya kulipa deni mmoja akazima simu. Mvuvi yule bila shaka alilijua hilo kuliko mimi.

Ilikwishaje?

Mchuuzi aliposikia "umekuja na hela?", alicheka, akashusha bega, akasema: "Mjomba, nina nusu." Angalia alichofanya. Kuita kwa usawa kumegonga mwamba, "mzee" imemletea swali la hela, sasa amechagua mjomba. Pwani, mjomba ni mkubwa anayetaniwa, mkubwa ambaye mpwa ana haki ya kumsumbua. Amekubali kuwa mdogo, lakini mdogo wa ndani ya familia. Nahodha akachukua ile nusu na kumpa samaki wa nusu ile, si zaidi. Mchuuzi akajaza boksi, akawasha pikipiki.

Wakati anaondoka akapaza sauti kwa yule mvuvi: "Poa basi, kaka!"

Mvuvi akainua mkono. "Poa, kaka."

Safari hii neno lilirudi. Si lile alilolitaka mchuuzi, lakini lilikuwa moja kwa wote wawili, na kila mmoja alijua amesimama wapi. Leo jioni ukipita kijiweni au kituo cha bodaboda, sikiliza mtu mmoja tu kwa dakika kumi. Andika anawaita watu nini, na pembeni yake andika wanamrudishia nini. Safu ya pili ndiyo itakayokuonyesha nani ni nani kwake.